Saa tano usiku simu zimepungua, lakini magari hayajarudi

Kwa mara nyingine tena nimeonyeshwa ratiba ya zamu ya magari ya wagonjwa iliyopangwa kwa kutazama chati ya simu peke yake: simu zikipanda, timu zinaongezwa, simu zikishuka saa nne usiku, timu za ziada zinaruhusiwa kwenda nyumbani. Kila aliyenionyesha ratiba ya namna hiyo aliamini kwamba amefuata takwimu, na ndiyo maana ninaandika. Hesabu hiyo inapima wakati ambao simu inaingia, ilhali kinachotakiwa kujulikana ni timu ngapi ziko kazini wakati huo. Hayo ni mambo mawili tofauti, na katika mkoa wenye umbali kama Tabora tofauti yake ni ya saa nzima, wala si ya dakika.

Tuanze na muda wa safari moja. Gari likitoka Tabora Mjini, likamchukua mama mwenye uchungu pingamizi katika zahanati ya Uyui, likamfikisha hospitali ya rufaa ya mkoa, Kitete, likakabidhi, likasafishwa, likaongezwa mafuta na oksijeni, kisha likarudi kituoni, saa mbili na nusu zimekwisha bila mtu yeyote kuzembea. Rufaa ya kutoka Urambo, umbali wa takriban kilomita 90, huchukua zaidi. Muda huo wote timu hiyo haipo kwa ajili ya simu nyingine. Kwa hiyo zidisha simu za kila saa kwa saa ambazo safari moja inachukua, nawe utapata mzigo, yaani wastani wa timu zilizo kazini kwa wakati mmoja. Simu 0.4 kwa saa, ambazo ni simu mbili kila saa tano, mara saa 2.5 ni mzigo wa timu 1.

Hapa ndipo wengi husema: mzigo ni 1, basi timu moja inatosha. Haitoshi, kwa sababu simu haziji kwa foleni iliyopangwa. Wakati mwingine tatu huingia ndani ya nusu saa na kisha hakuna kitu mpaka alfajiri. Timu zikiwa sawa na mzigo, foleni hurefuka bila mwisho. Mhandisi wa simu wa Denmark, Agner Krarup Erlang, alichapisha mwaka 1917 kanuni za kukadiria jambo hili, na bado tunazitumia. Kwa mzigo wa 1, ukiwa na timu mbili, theluthi moja ya wanaopiga simu watakuta timu zote ziko nje; ukiwa na tatu, ni takriban asilimia 9. Kwa mzigo wa 3, timu nne huacha nusu ya wapigaji wakisubiri, tano karibu robo, sita asilimia 10. Mzigo umeongezeka mara tatu lakini timu zinazohitajika zimeongezeka mara mbili tu, na ndiyo sababu kituo kidogo daima huonekana kuwa na timu nyingi zilizokaa. Zimekaa kwa kazi maalumu: kuwepo simu inapoingia.

Sasa tuurudie usiku. Chukua mfano wa mji ambao kabla ya saa moja usiku hupokea simu 0.4 kwa saa, kuanzia saa moja hadi saa nne hupokea 1.2, kisha hurudi 0.4. Lengo tuseme ni kwamba si zaidi ya asilimia 10 ya wapigaji wakute timu zote ziko nje. Mzigo wa saa yoyote ni simu zilizoingia katika saa mbili na nusu zilizotangulia, kwa kuwa hizo ndizo ambazo timu zake hazijarudi. Saa moja usiku mzigo ni 1. Saa mbili ni 1.8, ingawa simu zimekwisha kupanda mara tatu. Kilele, mzigo wa 3, kinafika saa tatu na nusu na kudumu hadi saa nne, dakika ile ile ambayo chati ya simu inaanguka. Saa tano, simu zikiwa zimetulia kwa saa nzima, mzigo bado ni 2.2. Saa sita ni 1.4, na ni saa sita na nusu tu ndipo unaporudi 1.

Sasa mtazame mpangaji anayefuata chati ya simu. Saa tano anaona simu 0.4 kwa saa, anafanya hesabu ya mzigo wa 1, anaweka timu tatu na kuwaruhusu wengine. Mzigo halisi ni 2.2, na kwa timu tatu zaidi ya nusu ya wapigaji watasubiri. Zilihitajika tano. Na usiku huo huo saa mbili, ambapo chati ilimwonyesha kilele, aliweka sita wakati tano zingetosha. Jumla ya masaa ya kazi aliyolipa haikuwa ndogo. Aliyaweka mahali pasipofaa.

Kanuni ya Erlang huchukulia kwamba hali imetulia, na usiku wa kupanda na kushuka haujatulia. Kwa hiyo ninaichukua kama makadirio, kisha ninakagua kitabu cha safari: ni mara ngapi gari la mwisho lilitoka huku jingine halijarudi, na saa ngapi. Dalili ya ratiba mbaya ni makundi ya kuchelewa yanayotokea kuanzia saa nne na nusu hadi saa sita, wakati simu chache zinaingia na kila mtu anashangaa.

Kuongeza timu hakufupishi barabara. Ikiwa lengo ni gari kumfikia mgonjwa ndani ya dakika 30 kwa simu tisa kati ya kumi, na simu moja kati ya kumi inatoka mahali pasipofikika kwa dakika 30 hata gari likiwa tayari, basi lengo limekwisha kushindwa kabla ya kuhesabu timu. Jibu hapo ni kuhamisha kituo au kubadilisha lengo, si kuajiri.

Pia nina mashaka na takwimu za siku za wiki. Kwa simu 0.4 kwa saa, saa yoyote ile ya Ijumaa, ikihesabiwa katika Ijumaa 26, hutoa simu kama 10, na bahati pekee inaweza kuipeleka hadi 7 au 13. Mtu anayetenganisha Ijumaa na Alhamisi kwa rekodi hizo anasoma kelele, hivyo mimi huunganisha siku za kazi pamoja.

Shaka inayonisumbua zaidi ni ya saa nane usiku hadi alfajiri. Rekodi zinaonyesha simu chache sana, lakini kitabu huandika walioomba gari, wala hakiandiki walioacha kuomba. Familia iliyoambiwa mara mbili kwamba gari limetoka hukodi bodaboda au hungoja mapambazuko, na mwaka unaofuata takwimu husema saa hizo hazina mahitaji. Nimejaribu kulinganisha na daftari la mapokezi la hospitali, kuona wagonjwa mahututi wanaofika kwa usafiri wao wenyewe. Pengo huonekana, ila ukubwa wake siwezi kuuapia. Kwa sasa ninapanga zamu ya jioni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa saba usiku, na kwa saa za alfajiri sishuki chini ya timu tatu hata chati ikisema mbili.