Bei ya siku ya mpambaji hailipii brashi peke yake

Juzi nimeisikia tena, safari hii kwa mwenye duka la vitenge aliyetaka picha za nguo zake mpya hapa Dar: "Dada, wanamitindo ni watatu tu, saa 3 asubuhi umeshamaliza. Nifanyie nusu bei."

Hii ndiyo dhana inayonichosha kuliko zote, kwamba bei ya siku ni malipo ya muda ambao brashi iko usoni. Tuhesabu siku yake. Naingia saa 12 asubuhi, napanga meza nusu saa, kisha kila uso dakika 50. Kweli, saa 3 nyuso zote ziko tayari. Lakini taa zinawaka, joto linapanda, na paji la uso linaanza kung'aa kabla mpiga picha hajafika nguo ya pili. Nguo nyeupe ikivaliwa, faundesheni inashika kwenye kola. Nguo nyekundu inataka mdomo mwingine. Nikiondoka saa 3, picha za mchana zitaonyesha nyuso zilizochoka, na gharama ya kuzirekebisha kwenye kompyuta itamwangukia yeye.

Kwa hiyo bei yangu ya siku ni shilingi 400,000 kwa saa 10, vifaa vikiwemo. Zikipita, kila saa ni 60,000, yaani saa ya kawaida mara moja na nusu. Siku ile tulimaliza saa 12 jioni badala ya saa 10, akalipa 520,000. Nusu siku ninayo, ila ni saa 5 kwa 240,000, si 200,000, kwa sababu mchana uliobaki ni nadra kupata mteja mwingine. Andika saa ya kuanza na ya kumaliza kwenye kotesheni. Neno "siku" likikaa peke yake, kila mtu ataipima kwa kamba yake.

"Nimeshakulipa, picha naweka popote." Picha si mali yangu na sidai hivyo. Ila bei ya picha za ukurasa wa duka si bei ya tangazo la barabarani. Nauliza mapema zitakwenda wapi na kwa muda gani. Kwa mabango, naongeza nusu ya bei ya siku kwa kila mwaka. Ukisubiri hadi uione kazi yako barabarani, huna cha kudai, maana hamkukubaliana.

"Shughuli imeahirishwa, nirudishie advansi." Hapana. Jumamosi ya sendofu huuzwa mara moja, na wengine nimeshawakataa. Advansi yangu ni nusu na hairudi. Akighairi zikiwa zimebaki chini ya saa 48, analipa yote. Akihamisha tarehe wiki mbili kabla, advansi inahamia tarehe mpya, mara moja tu.