Despedida si despido: hotuba ya kumuaga mstaafu kwa Kihispania

Kuna kosa linalojirudia kwenye kadi za mwaliko, kwenye tafsiri za wanaojifunza Kihispania, na hata juu ya keki. Mtu anataka kusema "hotuba ya kumuaga mwenzetu anayestaafu", naye anaandika *discurso de despido*. Mhispania akisoma hivyo haelewi kwamba kuna sherehe. Anaelewa kwamba mtu amefukuzwa kazi.

Jina lenyewe ni *discurso de despedida*, na kwa anayestaafu huongezwa *por jubilación*. Ni hotuba fupi ya dakika tatu hivi, inayotolewa na mwenzake wa kazi au mkuu wake mbele ya wafanyakazi wote. Ndani yake mna shukrani, utani kidogo na heshima. Mstaafu akisimama kujibu, maneno yake huitwa *palabras de agradecimiento*, yaani maneno ya shukrani. Kuhusu maana, hayo yanatosha. Panapoharibika ni kwenye vitenzi.

*Despedida* na *despido* ni watoto wa kitenzi kimoja, *despedir*. Kamusi ya Real Academia Española inakirejesha kwenye Kilatini *expetere*, kuomba au kudai. Katika Kihispania cha kale, *espedirse* ilikuwa kuomba ruhusa ya kuondoka: mgeni au mtumishi hatoki mpaka amemwambia mwenye nyumba na kuruhusiwa. Ndiyo kuaga kwenyewe, kama tunavyokujua. Hata *kustaafu* kwetu kumetoka kwenye Kiarabu *istaʿfa*, kuomba kuachiliwa wajibu. Kwa hiyo katika asili ya maneno yote mawili, anayeondoka ndiye mwombaji.

Baadaye kitenzi hicho kiligawanyika njia mbili, na kinachozitenganisha ni neno dogo *se* pamoja na ndugu zake *me*, *te* na *nos*. Likiwepo, watu wanaagana: *me despido de ustedes*, nawaaga. Likiondolewa, mmoja anamtoa mwingine: *la empresa despide a Carmen*, kampuni inamfukuza Carmen. Nomino zikafuata njia hizo hizo. *Despedida* ikabaki kwa kuagana, na *despido* ikawa neno la mikataba ya kazi, la malipo ya kuachishwa na la mahakama za kazi.

Sentensi inayoponyoka mara nyingi ni *hoy despedimos a Carmen*, leo tunamuaga Carmen. Haina kosa la sarufi. Wahispania wenyewe huitumia kwa kumsindikiza mtu uwanja wa ndege, na hata kwa kumuaga marehemu. Lakini ikitamkwa ofisini, tena na mkuu wa idara, maana ya kwanza inayomjia msikilizaji ni ya kufukuza. Iliyo salama ni *hoy nos despedimos de Carmen*. Ukitaka kukagua karatasi yako kabla ya kusimama, tazama pande zote mbili za kitenzi: kabla yake, au ikiwa imeshikana na mwisho wake kama katika *despedirnos*, kuna *nos* au *me*, na baada yake kuna *de*. Ukikuta *a* imesimama mbele ya jina la mstaafu na hakuna *nos*, rekebisha.

*Jubilar* ina mtego ule ule, na hapa Kiswahili kinatusaidia kwa sababu tunatofautisha kabisa kustaafu na kustaafishwa. *Carmen se jubila* ni Carmen anastaafu. *Jubilan a Carmen* ni Carmen anastaafishwa. Msemaji akisema *hoy jubilamos a Carmen* akidhani anatangaza sherehe, ametangaza kwamba wao ndio wamemstaafisha. Tena kitenzi hiki bila *se* hutumika pia kwa vitu vilivyochakaa: *he jubilado el coche*, nimeliweka kando gari langu, halitumiki tena. Mtu aliyetumikia miaka thelathini hastahili kuwekwa kwenye sentensi ya namna hiyo.

Kuna maneno ambayo karibu kila msemaji huyatia kwenye hotuba hii: *jubilación viene de júbilo*, kustaafu kumetokana na shangwe. Ni kweli nusu. Zote mbili zina mzizi wa Kilatini wa kupaza sauti kwa furaha, *iubilare*. Ila nyuma ya wazo la kumwachilia mtu utumishi wake kuna neno jingine, *jubileo*, lililoanzia kwenye Kiebrania *yobel*, pembe ya kondoo dume. Pembe hiyo ilipigwa kuutangaza mwaka wa 50, ambao katika Mambo ya Walawi 25 watumwa wanaachiwa huru na ardhi inarudi kwa wenyewe. Biblia ya Kiswahili inauita mwaka wa yubile. Kilatini kililipokea neno la Kiebrania na kulifananisha na *iubilare* lililokuwepo tayari, na hapo shangwe na kuachiliwa vikaungana. Kwa hotuba, picha ya yubile ina uzito kuliko ya shangwe tupu, kwa maana inakiri kwamba kulikuwa na utumishi na kwamba sasa umekamilika. Ile ya *júbilo* wasikilizaji wameshaisikia kwenye kila sherehe ya kustaafu, na wengi wanaweza kukumalizia sentensi.

Nchi nazo zinatofautiana. Hispania, Meksiko na Ajentina husema *jubilarse*. Kolombia utasikia zaidi *pensionarse*. Chile watu husema *jubilar* bila *se* na wakamaanisha kustaafu kwa hiari, kwa hiyo usikimbilie kumsahihisha Mchile. *Retirarse* linaeleweka kila mahali, lakini Hispania linafaa zaidi kwa mwanajeshi au mchezaji kuliko karani.

Sasa tuichukue hotuba yenyewe. Tuseme Carmen ni mtunza kumbukumbu wa hospitali huko Hispania, anastaafu baada ya miaka 31, na msemaji ni mwenzake wa ofisi moja. Anaanza kwa kuwageukia wote:

*Buenas tardes a todos. Nos hemos reunido para despedirnos de Carmen, que se jubila después de treinta y un años en el archivo de este hospital.*

Yaani tumekutana kumuaga Carmen, anayestaafu baada ya miaka thelathini na moja kwenye masjala ya hospitali hii. *Despedirnos* na *se jubila* zote zimeshikwa na *nos* au *se*, kwa hiyo hakuna aliyefukuzwa wala kustaafishwa. Kisha inakuja sifa, na sifa ya Kihispania inayoaminika ni tukio moja, si mlolongo wa *trabajadora, responsable, simpática*, yaani mchapakazi, mwajibikaji, mchangamfu:

*Cuando se inundó el sótano, Carmen pasó dos fines de semana secando historias clínicas, una por una, y no se perdió ninguna.*

Yaani chumba cha chini kilipofurika, alitumia wikendi mbili kukausha mafaili ya wagonjwa, moja baada ya jingine, na hakuna lililopotea. Tukio limepita, basi wakati uliopita ni sahihi. Lakini tabia zake ziseme kwa wakati uliopo. *Carmen es generosa*, Carmen ni mkarimu. Ukisema *Carmen era generosa*, ukumbi unasikia tanzia. Kosa hili huwapata hata wenye Kihispania cha kuzaliwa nacho, kwa sababu mawazo yao yote yako kwenye miaka iliyopita.

Utani unafuata baada ya sifa, haupaswi kuitangulia:

*También tiene su propio sistema de ordenar los papeles. Nadie lo ha entendido nunca, y desde el lunes tendremos que entenderlo sin ella.*

Ana mpangilio wake wa karatasi ambao hakuna aliyewahi kuuelewa, na kuanzia Jumatatu itabidi tuuelewe bila yeye. Angalia nani anabebeshwa mzigo wa kicheko: ni wanaobaki. Hiyo ndiyo namna ya utani inayokwenda na heshima. Utani wa umri, wa dawa, wa kusahau au wa *por fin te vas*, hatimaye unaondoka, humwacha mstaafu akitabasamu kwa adabu tu, tena mbele ya watoto na wajukuu wake walioalikwa.

Baada ya kicheko msemaji anageuza uso na kumwambia mwenyewe:

*Carmen, gracias por habernos enseñado a trabajar con cuidado. Te vamos a echar mucho de menos. Por Carmen.*

Yaani Carmen, asante kwa kutufundisha kufanya kazi kwa uangalifu. Tutakukosa sana. Kwa heshima ya Carmen. Hapo glasi zinainuliwa. Ni *gracias por*, si *gracias para*, na kitenzi kinachofuata hukaa katika umbo lake la asili: *por enseñarnos* au *por habernos enseñado*, zote zinafaa. Lakini sentensi ya pili ndiyo ya kuitazama kwa makini. *Echar de menos* ni kumkosa mtu, kumtamani akiwa mbali. *Echar* peke yake, kwa mfanyakazi, ni kumtimua. Msemaji akisema *te vamos a echar*, kisha akatua kuvuta pumzi au kuzuia machozi, ukumbi mzima umesikia "tutakutimua" kabla ya *de menos* kufika. Iseme kwa pumzi moja. Anayehofia sauti yake kukatika atumie *te vamos a extrañar*, ambayo Amerika ya Kilatini ndiyo ya kawaida na haina mtego wowote.

Kwa Hispania *te* inatosha kwa mtu mliyefanya kazi naye, hata akikuzidi miaka mingi, ikiwa ndivyo mlivyozoeana. Kolombia, na kwingi ambako mkubwa huitwa *usted* kazini, itakuwa *la vamos a extrañar* kwa mwanamke na *lo vamos a extrañar* kwa mwanamume. Kosa kubwa ni kuchanganya: kuanza na *usted* na kumaliza na *te*. Ukitaka heshima tunayoitia kwenye Mzee au Mama, lipo neno *don* au *doña*, lakini hutangulia jina la mtu na si la ukoo peke yake. Ni *doña Carmen*. Kwa jina la ukoo sema *la señora García*. *Doña García* haisemwi. Na ukimtaja kama mwenzako, *compañera* ni salama kuliko *colega*, ambalo Hispania, nje ya taaluma kama udaktari au uanasheria, ni neno la vijana la kumwita rafiki wa mitaani.

Kwa hiyo anayeandaa kadi au bango, kabla halijaenda kuchapwa, atazame neno la kwanza. Pakiwa na *Despido de Carmen*, afute na aandike hivi: *Despedida de Carmen con motivo de su jubilación*.