Presha "imedhibitiwa" maana yake nini?

Msikilizaji, habari za jioni. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya presha, na jioni ya leo nataka tukae na neno moja tu. Ni neno tunaloliandika kwenye kadi zenu kila mwezi, halafu tunawaaga bila kulieleza vya kutosha: imedhibitiwa. Mgonjwa akiambiwa presha yake imedhibitiwa, mara nyingi yeye husikia "umepona". Hayo ni mambo mawili tofauti, na nimewaona watu wakipata kiharusi kwa kuyachanganya.

Kwanza namba zenyewe. Ukifungwa mkanda mkononi, mashine hutoa namba mbili. Ya juu ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa moyo unapoisukuma. Ya chini ni nguvu inayobaki pale moyo unapotulia kati ya pigo moja na jingine. Kipimo kikifika 140 juu, au 90 chini, au kupita hapo, na siku nyingine ukiwa umetulia kikarudi vilevile, hapo tunasema una presha ya kupanda. Dawa tunazokupa zinaishusha ikae chini ya hapo. Ikikaa chini, tunaandika imedhibitiwa.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Kipimo kile kizuri ni chako ukiwa na dawa mwilini. Hakisemi lolote kuhusu presha yako bila dawa. Waliokulia pwani watanielewa haraka: ngalawa yenye tundu ukiikumba maji kwa kopo, ndani inakauka na safari inaendelea. Lakini ukavu ule umetoka kwenye kopo. Tundu lipo palepale.

Nitawapa mfano wa mama mmoja, muuza vitumbua, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake bila jina. Alikuja kwa maumivu ya goti, hakuja kwa presha. Tukampima tukakuta 172 kwa 104. Tulimwachia apumzike tukarudia, na wiki iliyofuata tukarudia tena, ikawa 168 kwa 102. Kichwa hakimuumi, haoni kizunguzungu, anaamka alfajiri kukaanga kama kawaida. Akatuuliza, "Mwanangu, sasa mimi naumwa nini?" Swali lake lilikuwa la haki kabisa. Presha ya kupanda kwa wengi haina dalili, na ndiyo maana mwili hauwezi kukuambia lini uanze dawa wala lini uache.

Daktari alimwandikia amlodipini ya miligramu 5, kidonge kimoja kwa siku. Baada ya mwezi alikuwa 150 kwa 92. Imeshuka, lakini bado. Akaongezewa ikawa miligramu 10, na mwezi uliofuata alisoma 134 kwa 84. Tukaandika lile neno letu kwenye kadi. Nadhani kosa letu lilianzia hapo, maana alifurahi, akashukuru, na vidonge vilipokwisha hakurudi.

Alichofanya baadaye ni kitu ambacho wengi wenu mmewahi kukifanya. Siku ya tatu tangu aache, alipita duka la dawa akapimwa. Kipimo kilikuwa kizuri. Akasema: basi nimepona, ningekuwa sijapona ingepanda. Jaribio lake lilionekana la busara, lakini dawa yenyewe ilimdanganya. Amlodipini hutoka mwilini polepole sana. Huchukua siku moja na nusu au hata mbili ili nusu yake tu iondoke, kisha muda kama huo tena kwa nusu ya ile iliyobaki. Siku ya tatu bado alikuwa na dawa kwenye damu. Presha hupanda kidogo kidogo kadiri dawa inavyoisha, na hakuna siku ambayo utahisi kwamba ndiyo hii.

Alirudi kwetu miezi minne baadaye, goti tena. Kipimo kilikuwa 176 kwa 106, na safari hii mkojo wake ulikuwa na protini, jambo linaloweza kuwa ishara kwamba figo zimeanza kuumia. Hakuwa amehisi chochote katika miezi yote ile. Tulipomuuliza anatumia nini kwa goti, akatoa mfukoni diklofenaki, anakunywa karibu kila siku. Dawa za maumivu za aina hiyo hupandisha presha na huumiza figo, kwa hiyo mwenye presha asizinunue dukani bila kumwambia anayemtibu.

Tulipoongea naye taratibu, sababu ya kuacha ilikuja kuwa nyingine kabisa. Miguu ilikuwa inamvimba jioni, na jirani akamwambia ni figo, tena dawa za presha ukizizoea huwezi kuziacha. Uvimbe wa vifundo vya miguu ni jambo linalojulikana kwa amlodipini, hasa ya miligramu 10. Kwake yeye ulitokana na dawa, na una ufumbuzi: daktari alirudisha miligramu 5 akaongeza dawa ya aina nyingine. Na kuhusu kuzoea, presha kupanda ukiacha ni ugonjwa wako uliokuwapo kabla ya kidonge cha kwanza. Mwenye miwani akiivua haoni mbali, naye hatumwiti mlevi wa miwani.

Dawa nyingine zina maudhi yake. Enalapiri na kaptopiri huwaletea baadhi ya watu kikohozi kikavu kisichoisha. Dawa za kukojoza zinywe asubuhi, usije ukaamka usiku kucha. Atenololi na propranololi usizikate ghafla hata siku moja, kwa sababu moyo unaweza kwenda mbio na kifua kikabana. Nawe dada unayetumia enalapiri au losatani, ukipanga kupata mimba au ukihisi umeshika, njoo upesi ubadilishiwe, maana dawa hizo humdhuru mtoto tumboni. Kwa kila moja ya haya dawa mbadala ipo. Tunachokosa sisi ni kuambiwa.

Ukisahau kidonge? Kama ni cha mara moja kwa siku, kinywe utakapokumbuka siku ileile. Ukikumbuka wakati cha kesho kimekaribia, kiache hicho uendelee na ratiba yako. Usinywe viwili kufidia, kwa sababu presha ikishuka mno utaanguka.

Siku ya kliniki, kunywa dawa yako kama kawaida. Wapo wanaoiacha asubuhi hiyo ili "tuone presha halisi", nasi tunaona kipimo kibaya na kuwaongezea dawa wasiyoihitaji. Ukifika, nenda haja ndogo kwanza, kaa dakika tano, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe juu ya meza usawa wa moyo, na usiongee wakati mkanda unakaza. Kahawa na sigara viwe vimepita nusu saa.

Ila mdomo ukipinda, upande mmoja wa mwili ukilegea, maneno yakigoma kutoka, au kifua kikibana, usingoje kliniki wala usitafute kidonge cha ziada. Hiyo ni safari ya hospitali saa ileile.

Yule mama sasa huweka vidonge vyake juu ya kopo la unga wa vitumbua, kwa sababu unga hausahau. Juma lililopita alisoma 132 kwa 82, na chini ya neno imedhibitiwa nikamwandikia kwa kalamu nyekundu: akiwa na dawa.