+25 kwenye picha ya stesheni sio dakika zilizobaki

"Mdogo wangu katuma picha toka Ujerumani, ubao una +25, si ndo treni inaondoka baada ya dakika 25?"

Hapana ndugu, hizo 25 ni dakika treni ilizochelewa, unajumlisha kwenye saa ya ratiba, sio saa uliyofungua picha hapo Kirumba. Tiketi yake ina `ab 14:05 Gl. 7`, yaani kuondoka 14:05 jukwaa la 7, ubao una `14:05 +25 heute Gl. 9`, kwahiyo treni ni 14:30 na leo inaingilia jukwaa la 9, ile 7 ya tiketi achana nayo. Saa ya stesheni pichani inasoma 14:10, so zilibaki dakika 20. Na hiyo 14:30 ni ya kwao, huku Mwanza inakuwa saa tisa na nusu kiangazi chao, saa kumi na nusu wakiwa kwenye baridi. Halafu +25 ni makadirio tu, inaweza ikashuka, mwambie asiende mbali kutafuta kahawa.