Programu ya huduma ya kwanza "isiyohitaji intaneti" ni ipi hasa?

Kwa mzazi, maneno "hufanya kazi bila intaneti" yana maana moja tu ya kumfaa: maandishi na picha zote zimo ndani ya simu, na hakuna kinachosubiri kuletwa kutoka kwingine. Shida ni kwamba maneno hayo hayo huandikwa pia kwenye programu zilizohifadhi nusu tu ya yaliyomo. Orodha ya mada inafunguka vizuri, lakini ukigusa mada yenyewe unakuta kiduara kinazunguka, kwa kuwa maelezo yako kwenye seva au yametengenezwa kama video ya kutazama mtandaoni.

Kuijaribu ni kazi ya dakika 2. Washa hali ya ndegeni, hakikisha Wi-Fi imezimika, ifunge programu kabisa, kisha ifungue upya. Usijaribu kwa ukurasa uliousoma jana, kwa sababu simu huweka nakala ya muda ya kile ulichokwisha kukiona, na nakala hiyo itakudanganya kwamba kila kitu kipo. Chagua mada ambayo hujawahi kuifungua. Programu ikikutaka uingie kwanza kwa nenosiri, hapo hapo imeshindwa.

Tuseme mada uliyochagua ni mtoto wa miezi 8 aliyekabwa na kitu kooni. Ukurasa mzuri huanza na umri, maana aliye chini ya mwaka 1 hashughulikiwi kama mkubwa. Halafu unauliza: anakohoa kwa nguvu, au analia? Kama ndiyo, mwache akohoe huku unamwangalia, kwa kuwa hewa bado inapita. Kama yuko kimya na hawezi kulia wala kuvuta pumzi, unamlaza kifudifudi juu ya mkono wako, kichwa kikiwa chini kuliko kifua, taya umeishikilia. Unampiga kati ya mabega kwa sehemu ya chini ya kiganja, hadi mara 5. Kitu kisipotoka, unamgeuza chali na kumkandamiza katikati ya kifua, hadi mara 5, kisha unarudia mzunguko huo mpaka kitoke au mtoto alegee. Hapaswi kubinywa tumbo, kwa sababu viungo vya ndani vya mtoto mchanga huumia kirahisi, wala usiingize kidole kutafuta kitu usichokiona, maana unaweza kukisukuma ndani zaidi. Akipoteza fahamu, ukurasa ukupeleke moja kwa moja kwenye kukandamiza kifua na kumpulizia pumzi, bila kukurudisha kwenye orodha.

Sasa soma ukurasa huo ukiwa umeshika mto juu ya mkono mmoja. Mimi nilipofanya hivyo niligundua kwamba programu niliyokuwa nikiisifu ilinitaka niburuze skrini mara 6 kabla ya kufika kwenye pigo la kwanza. Nikaifuta.

Kupiga simu ya dharura ni jambo jingine. Simu hiyo haipiti kwenye bando, inapita kwenye mtandao wa kawaida wa simu, kwa hiyo kitufe cha kupiga kinaweza kufanya kazi hata intaneti ikiwa imekatika. Ukimaliza kujaribu, kumbuka tu kuzima hali ya ndegeni.

Kuna gharama ya kuwa na kila kitu ndani ya simu: unachobaki nacho ni nakala ya siku ile uliposasisha. Na miongozo hubadilika. Kwa mtoto mchanga aliyekabwa, kukandamiza kifua kulifundishwa kwa miaka mingi kufanywe kwa vidole 2. Mwongozo wa mwaka 2025 wa Shirika la Moyo la Marekani unaelekeza kutumia sehemu ya chini ya kiganja cha mkono mmoja. Programu ambayo haijaguswa tangu kabla ya hapo itakuonyesha vidole bila kukuambia kuna jipya. Tazama sehemu ya "Kuhusu": programu ya kuaminika hutaja inafuata mwongozo wa nani, na wa mwaka gani.

Mtego wa mwisho uko kwenye simu yenyewe. Nafasi ikijaa, Android na iPhone zote zina mpangilio wa kuondoa programu zisizotumiwa na kuacha picha yake tu kwenye skrini. Mwongozo wa dharura, unaofunguliwa labda mara moja kwa mwaka, ndio wa kwanza kuondolewa. Kwa macho ya haraka unaonekana bado upo, ila una alama ndogo ya wingu, na ukiugusa simu inaanza kuupakua upya, yaani inahitaji intaneti. Zima mpangilio huo, au ufungue mwongozo kila mwezi.