Kipande cha 100 kinauzwa 85, ni ofa? Dhana potofu kuhusu bei za mifuko ya uwekezaji

DHANA: watu wakiingia kwa wingi kwenye mfuko, bei ya kipande inapanda.

UKWELI: kwenye mfuko wa wazi, ule unaonunua vipande kwa meneja mwenyewe, hapana. Meneja anajumlisha mali zote za mfuko, anatoa madeni na gharama, anachobaki nacho anagawa kwa idadi ya vipande. Tuseme mali ni milioni 1,050, madeni milioni 50, vipande milioni 10, basi thamani halisi ya kipande ni 100. Ukileta hela anakutengenezea vipande vipya kwa bei hiyo, ukitaka kutoka anavinunua tena na kuvifuta (ada ipo au haipo, inategemea mfuko). Kwahiyo wakija watu elfu leo, hela zinaongezeka na vipande vinaongezeka kwa kiwango kilekile, bei iko palepale. Kinachoipandisha ni hisa na hatifungani zilizomo ndani.

DHANA: mfuko funge ukiuzwa chini ya thamani halisi, ni faida ya bure.

UKWELI: hapa ndo wengi wanapigwa. Mfuko funge unauza vipande mwanzoni, mlango unafungwa, baada ya hapo ukitaka kutoka unamtafuta mnunuzi kwenye soko la hisa na bei ni ile mtakayokubaliana. Meneja halazimiki kukulipa 100 yako, sasa nani atalazimisha 85 irudi 100? Hakuna.

Na linaweza kukugeukia vibaya zaidi. Umenunua kwa 85, punguzo la 15%. Mwaka unaisha, meneja kapiga kazi, thamani halisi imefika 105, lakini soko limeuchoka ule mfuko na punguzo limekuwa 20%. Bei sasa ni 84. Mfuko umepata 5%, wewe umepoteza zaidi ya 1% kabla ya gawio, na hakuna aliyekuibia.

Ila sio kwamba punguzo halina maana kabisa, kama mfuko unatoa gawio la 6 kwa kipande, aliyenunua kwa 100 anapata 6% na wewe wa 85 unapata kama 7%, hiyo ni hela ya kweli hata pengo lisipozibika.

Pengo huwa linazibika mlango ukifunguliwa. Mfano ni Grayscale Bitcoin Trust, mfuko wa Marekani unaoshika bitikoini: haikuwa inaruhusu watu kurudisha vipande, mwishoni mwa 2022 bei yake sokoni ilikuwa karibu nusu ya thamani ya bitikoini ilizoshika. Januari 2024 ikageuzwa kuwa mfuko wa kawaida wa sokoni ambao vipande vinaweza kurudishwa, punguzo likaisha karibu lote.

Kwahiyo kabla hujanunua uliza vitu viwili. Je, kuna tarehe ya kuvunja mfuko au mpango wa kununua vipande vyake wenyewe? Halafu wastani wa punguzo lake kwa miaka kadhaa ni ngapi, maana kama siku zote linacheza kwenye 15%, hiyo 85 sio ofa, ndo bei yake ya kawaida.