Hanuka: mishumaa isiyoruhusiwa kumulikia kitu

Fungua Yohana 10:22 katika Biblia ya Union. Utamkuta Yesu hekaluni Yerusalemu wakati wa "sikukuu ya Kutabaruku", na mwandishi anaongeza kuwa ni wakati wa baridi. Wengi wetu hupita hapo bila kuuliza ni sikukuu gani. Ni Hanuka. Neno lenyewe la Kiebrania maana yake ni kutabaruku, yaani kuweka wakfu.

Nimeanza hapo kwa sababu dhana ya kwanza ninayoisikia ni kwamba Hanuka ni "Krismasi ya Wayahudi". Haiwezekani, maana sikukuu ilikuwapo kabla Krismasi haijawa na wa kuisherehekea. Kinachowachanganya watu ni kalenda. Hanuka huanza tarehe 25 ya mwezi wa Kislev, na miezi ya Kiyahudi hufuata mwandamo. Mwaka 2024 iliangukia jioni ya Desemba 25 hasa. Mwaka 2025 ilianza jioni ya Desemba 14. Haizunguki mwaka mzima kama Ramadhani, kwa kuwa Wayahudi huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu ili sikukuu zibaki katika majira yake. Tena si siku ya kukaa bila kazi. Mtu huenda kazini kama kawaida, akarudi jioni kuwasha mishumaa.

"Inakumbuka mafuta ya siku moja yaliyowaka siku nane."

Hii ni nusu ya habari. Mwaka 167 K.K. mfalme Antioko wa Nne, aliyetawala kutoka Siria, alipiga marufuku tohara na Sabato, na madhabahu ya Hekalu ikageuzwa mahali pa kumtolea sadaka Zeu, mungu wa Wagiriki. Kuhani mzee wa kijiji cha Modini, Matathia, akaasi pamoja na wanawe. Mwanawe Yuda, aliyeitwa Makabayo, ndiye aliyeongoza vita na kulirudisha Hekalu mwaka 164 K.K. Wenye Biblia ya Kikatoliki wanaweza kuyasoma haya katika Wamakabayo wa Kwanza, sura ya 4. Kuna jambo moja humo linalonigusa kila nikisoma: mawe ya madhabahu iliyonajisiwa hawakuyatupa. Waliyaweka kando mpaka aje nabii wa kuwaambia wayafanye nini. Kisha wakajenga madhabahu mpya, wakawasha taa, wakasherehekea siku nane.

Chupa ya mafuta haimo. Kitabu cha pili cha Wamakabayo kinaeleza siku nane kwa njia nyingine: walisherehekea kwa mfano wa Sikukuu ya Vibanda, ambayo ilikuwa imewapita wakiwa porini kama wanyama. Habari ya chupa moja yenye muhuri wa kuhani mkuu inatoka katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi ulioandikwa karne nyingi baadaye. Familia ya Kiyahudi haioni shida kubeba zote mbili. Katika sala za siku hizo na baada ya chakula wanamshukuru Mungu kwa ushindi, wenye nguvu kutiwa mikononi mwa wanyonge, na sala hiyo haitaji chupa hata kidogo. Muujiza wa mafuta wameuachia mishumaa.

Na vita havikuishia hapo. Yuda aliuawa vitani mwaka 160 K.K., na askari wa mfalme walibaki ndani ya ngome ya Yerusalemu hadi mwaka 141 K.K. Walitabaruku Hekalu huku adui akiwa jirani.

"Ni kile kinara cha matawi saba."

Cha matawi saba kilikuwa cha Hekalu, na Talmudi inakataza kutengeneza mfano wake. Kinara cha Hanuka, hanukia, kina nafasi tisa: nane za usawa mmoja, na ya tisa imeinuliwa au kusogezwa pembeni. Huyo wa tisa ni shamashi, mtumishi. Hapa ndipo penye jambo lenyewe la sikukuu hii. Ile mishumaa minane ni mitakatifu: huruhusiwi kuitumia kusomea, kuhesabia pesa, wala kuwashia mshumaa mwingine. Ni ya kutazamwa tu. Shamashi ndiye anayewasha wenzake, na macho yakipata faida yoyote ya mwanga, basi huhesabiwa kuwa ni wa shamashi.

Ukilielewa hilo, taratibu za nyumbani hazikupi tabu. Kinara huwekwa dirishani au mlangoni mkabala na mezuza, ile hati ya Torati iliyobandikwa kwenye mwimo, ili wapitao njia wauone muujiza. Penye hatari, Talmudi inaruhusu kukiweka mezani ndani. Usiku wa kwanza mmoja, wa pili miwili, hadi minane. Shule ya mwalimu Shamai ilitaka kuanza na minane na kupunguza. Ya mwalimu Hileli ikasema utakatifu huongezwa, haupunguzwi, ikafuatwa. Mishumaa hupangwa kuanzia kulia, lakini huwashwa kuanzia kushoto, ili ule mpya wa usiku huo utangulie. Iwake walau nusu saa baada ya giza kuingia. Wakati huo watoto huchezea pia ya kuzungusha yenye herufi nne, na jikoni hukaangwa chochote cha mafuta: vibapa vya viazi vya kukuna kwa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, sfenji kwa wa Moroko, ambayo mla mandazi ataitambua.

"Mshumaa ni mshumaa, washa wakati wowote."

Ijumaa inakanusha. Chukua Ijumaa ya Desemba 19, 2025, Yerusalemu. Kama kwa Waswahili wa zamani, siku ya Wayahudi huanza magharibi, kwa hiyo usiku huo ulikuwa wa kuamkia Sabato, na ulikuwa wa sita wa Hanuka. Sabato ikishaingia, moto hauguswi. Jua lilizama saa 11 kasoro dakika 20 hivi, na desturi ya mji huo ni kuwasha taa za Sabato dakika 40 kabla. Mishumaa ya Hanuka lazima itangulie, kwa hiyo ni saa 10 kasoro, jua likiwa bado nje. Lakini sharti la nusu saa linahesabiwa kuanzia giza, nyota zikitoka, karibu saa 11 na robo. Inabidi iwake zaidi ya saa moja na nusu.

Mshumaa mwembamba wa dukani huisha kwa nusu saa na ushei. Hata Mbale, Uganda, kwa Abayudaya, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ambako giza huingia upesi, mshumaa huo hautoshi Ijumaa. Siku nyingine ukizimwa na upepo baada ya kuwashwa ipasavyo, hulazimiki kuurudia. Ukiwa mfupi tangu mwanzo ni kosa la kupima. Kwa hiyo jioni hiyo hutumika mishumaa mirefu, au vikombe vya mafuta ya zeituni yenye kina cha kutosha.

Pakiti ya kawaida huwa na mishumaa 44: moja hadi nane ukijumlisha ni 36, na mashamashi wanane. Familia iliyotumia mirefu Ijumaa hiyo, sita na shamashi wake, ilimaliza sikukuu ikiwa na myembamba saba ndani ya boksi.